Fomula ya kikoba ukiivuta inahama, ukiijaza dola inaganda: dola zinakaa wapi hasa

"Habari kaka. Mi ni mweka hazina wa kikoba chetu, tuko 24. Bei ya hisa 5,000 nimeiandika B1, faida ya mwaka 900,000 iko B2, mstari wa 4 ni vichwa vya kolamu, majina yako A na hisa za kila mtu ziko B kuanzia mstari wa 5. Kwenye C5 nikaandika =B5*B1 nipate akiba ya mtu wa kwanza, ikaja 180,000 sawa kabisa. Kuvuta chini sasa, wa pili kaandikiwa 27,000,000, wa tatu 0, wa nne #VALUE!, wa tano 1,512. Kijana mmoja ofisini akaniambia weka dola, nikaweka =$B$5*$B$1, sa hivi wote 24 wana 180,000. Jumamosi tunavunja kikoba na mgao wa faida hata sijauanza. Nakosea wapi?"

Salama dada, na pole na hizo milioni 27. Excel hapo haijachanganyikiwa, mara zote mbili imefanya ulichoiambia, ila ulichoiambia sio kile ulichokuwa unawaza. Na kusema kweli uko karibu sana, maana mara ya kwanza hukuweka dola hata moja, mara ya pili ukaweka nne, na zinazotakiwa ni mbili tu, tena zote upande wa bei. Futa kilichopo C5, andika hivi alafu ndo uvute chini:

```
=B5*$B$1
```

Mtu wa kwanza atabaki na 180,000 yake. Wa pili ana hisa 30 kwa hiyo atasoma 150,000, na wa tano ana hisa 42 atasoma 210,000. Hizo hisa hujaniambia, nimezisoma kwenye makosa yako mwenyewe, na nitakuonyesha nimezisomaje kwa sababu ukishaweza kusoma kosa la namna hii hutahitaji kuuliza mtu tena. Ukiwa na haraka sana unaweza kuishia hapa, ila nakuonya kwamba kolamu ya mgao ina mtego mbaya kuliko huu, wenyewe haupigi kelele wala hauleti #VALUE!, unakupa namba zinazofanana na ukweli.

Watu wengi wanadhani ukiandika B1 kwenye fomula basi Excel inakumbuka "B1". Kwenye skrini ndivyo inavyoonekana, lakini bila dola B1 sio jina la nyumba, ni maelekezo ya njia. Ni kama mtu anapokuelekeza mtaani, "hapo ulipo panda juu nyumba nne, alafu ingia moja kushoto". Ukiwa umesimama C5, nne juu na moja kushoto inakufikisha B1. Na ile B5 nayo ni maelekezo, "mstari huu huu, moja kushoto". Kwa hiyo fomula yako ya kwanza kwa macho ya Excel ilikuwa inasema hivi: chukua jirani yangu wa kushoto, mzidishe na aliye nne juu moja kushoto. Ukiwa C5 maelekezo hayo ni sahihi kabisa, ndo maana mtu wa kwanza alikuja vizuri, na ndo maana kosa hili linawapata watu kila siku, ule mstari wa kwanza wa kujipima nao haulionyeshi.

Sasa ukivuta chini, Excel inabeba maelekezo yale yale bila kubadilisha neno. Kinachobadilika ni pale uliposimama. Tushuke naye taratibu.

Kwenye C6, jirani wa kushoto ni B6, hisa za mtu wa pili, hiyo tunaitaka. Nne juu moja kushoto ni B2, na B2 umeweka faida ya mwaka. Kwa hiyo umezidisha hisa zake na 900,000, na kama jibu ni 27,000,000 basi hisa zake ni 30. Kwenye C7 nne juu inakupeleka B3, na wewe hujasema kama kuna kitu B3, ila kwa kuwa jibu ni 0 najua ipo wazi, maana seli tupu kwenye kuzidisha inahesabiwa sifuri. Kwenye C8 imefika B4, kile kichwa cha kolamu, bila shaka umeandika "Hisa" au neno jingine, na Excel haiwezi kuzidisha namba na neno, ndo ikapiga #VALUE!. Kwenye C9 imeshavuka vichwa imeingia kwa wanachama, inazidisha hisa za mtu wa tano na hisa za mtu wa kwanza. Wa kwanza ana 36, kwa sababu 180,000 gawa kwa 5,000, na 1,512 gawa kwa 36 ni 42. Kuanzia hapo hadi mtu wa 24 kila mmoja amezidishwa na mwenzake aliye nne juu yake, na majibu yote yanakuwa ya mia kadhaa au elfu moja na kitu. Angalia utakuta ndivyo.

Unaweza kuyaona haya kwa macho badala ya kuniamini. Simama kwenye C9 ubonyeze F2, Excel itaipaka kila seli inayotajwa rangi yake, na utaiona ile ya bei imekaa juu ya hisa za mtu wa kwanza badala ya kukaa B1. Au nenda kwenye Formulas ubonyeze Show Formulas, shiti nzima itaonyesha fomula badala ya majibu, na kwenye kolamu C utaona B1, B2, B3, B4, B5 zimejipanga zinashuka ngazi. Mimi nikipewa shiti ya mtu niikague naanzia hapo kabla sijasoma hata namba moja. Ndani ya fomula, sehemu ya bei unatakiwa uone kitu kile kile kinajirudia toka juu hadi chini, na sehemu ya hisa unatakiwa uone ngazi. Ukiona ngazi mahali pa bei, fomula imehama, na ukiona kitu kimoja kinajirudia mahali pa hisa, imeganda.

Tuje kwenye dola sasa. Hiyo alama haina uhusiano wowote na hela, nishawahi kukutana na mzee mmoja alikuwa anaogopa kuiweka asije akageuza hesabu zake kuwa za Kimarekani. Na haibadilishi jibu la seli uliyopo, jaribu mwenyewe, =B5*B1 na =$B$5*$B$1 ukiziandika zote C5 zinakupa 180,000 ile ile. Dola inaongea siku ya kukopi tu, inasema "hiki kinachonifuata usikiguse". Iko mbele ya herufi inafunga kolamu, iko mbele ya namba inafunga mstari. Kwa hiyo $B$1 inaacha kuwa maelekezo ya njia, inakuwa anwani kamili, mtaa B nyumba namba 1, ukiwa umesimama popote duniani unafika pale pale.

Hapo ndo utaelewa kilichotokea baada ya ushauri wa yule kijana. Ushauri wake ulikuwa mzuri, ila ulikuwa nusu. Ulipoandika $B$5 uliiambia Excel kwamba na hisa nazo ni zile za mtu wa kwanza milele, na kila mstari ukatii, kwa hiyo ulikuwa na watu 24 wote wanalipwa akiba ya mtu mmoja. Swali la kujiuliza kwa kila kitu kilicho ndani ya fomula ni moja tu: nikishuka mstari, hiki nataka kishuke na mimi au kibaki? Hisa ni za mtu, kila mtu na zake, zishuke, usizifunge. Bei ya hisa ni ya kikoba kizima, iko moja, ibaki, ifunge. Huwa nawaambia watu waisome fomula kwa sauti kabla ya kuvuta, "hisa za HUYU mara bei ya WOTE", ukisema huyu hakuna dola, ukisema wote kuna dola.

Mtu makini atasema, lakini tunavuta kwenda chini tu, herufi B haiendi popote, si ningefunga namba peke yake, B$1? Ni kweli, =B5*B$1 inatosha kabisa na inatoa majibu yale yale. Mimi ningekushauri uweke zote mbili kwa sababu siku ukikopi hiyo kolamu kwenda pembeni itakuhama tena, na kuweka zote hakukugharimu kitu. Kwenye laptopu huandiki dola kwa mkono, ukiwa unaandika fomula, kidole kikiwa ndo kimemaliza B1, bonyeza F4 mara moja itageuka $B$1. Ukibonyeza tena inakuwa B$1, mara ya tatu $B1, mara ya nne inarudi B1 tupu. Kuna laptopu ambazo F4 imepewa kazi nyingine ya sauti au mwanga, hapo shika Fn alafu F4. Kwenye Google Sheets nako F4 inafanya hivyo hivyo. Kwenye simu hakuna F4, unaandika alama ya dola kwa mkono kama kawaida, na mimi kwa kazi ya kugawa hela za watu singetumia simu kama laptopu ipo, kidole kinagusa seli jirani na huoni.

Kabla sijaenda kwenye mgao, kuna jambo moja linalofanana na kuganda ila chanzo chake ni kingine kabisa, na nalitaja kwa sababu kama umetumia laptopu ya ofisini huenda mtu mwingine ameichezea. Ukishaandika =B5*$B$1 ukavuta, alafu BADO wote wanaonyesha 180,000, usianze kuhamisha dola. Bonyeza C6 uangalie kule juu kwenye mstari wa fomula. Kama umeandikwa =B6*$B$1 basi fomula yako ni nzima, tatizo ni kwamba Excel imeambiwa isihesabu mpaka iamrishwe, na ukivuta inabeba lile jibu la kwanza kama picha. Bonyeza F9 utaona namba zinaruka kwenda kwenye majibu yao. Alafu nenda Formulas, Calculation Options, chagua Automatic, yaishe. Kwa hiyo kila siku anza kusoma fomula, sio jibu, jibu lile lile moja linaweza kuwa limetokana na vyanzo viwili tofauti.

Haya, mgao. Hapa nahitaji namba usizonipa, tuseme hisa zote za wanachama 24 zimefika 720, na umezijumlisha kwenye mstari wa 29 chini ya mtu wa mwisho, yaani B29 ina =SUM(B5:B28). Faida ni 900,000 kwa hisa 720, kila hisa inavuna 1,250. Mtu wa kwanza mwenye hisa 36 anatakiwa kupata 45,000, wa pili mwenye 30 apate 37,500. Zishike hizo namba mbili kichwani.

Fomula, unayoiandika D5, ni hisa za huyu, gawa kwa hisa za wote, mara faida ya wote. Umesikia, huyu mmoja, wote mara mbili, kwa hiyo sehemu mbili zinafungwa na moja inaachwa:

```
=B5/$B$29*$B$2
```

Ukisahau dola kwenye B29, mtu wa pili atatafuta B30 ambayo ni tupu, atagawanya kwa sifuri, na utaletewa #DIV/0! kuanzia mstari wa pili hadi wa mwisho. Huyo ni adui mpole, anajitangaza, hakuna mtu atakayelipwa #DIV/0!.

Adui mwenyewe ni huyu hapa. Wengi hawapendi kutegemea ule mstari wa jumla, wanajumlisha humo humo ndani ya fomula, na bei au faida wanakumbuka kuifunga kwa sababu wamefundishwa, ila hawakumbuki kwamba na masafa ya jumla nayo ni anwani mbili, mwanzo na mwisho, na zote zinatembea:

```
=B5/SUM(B5:B28)*$B$2
```

Mtu wa kwanza anapata 45,000, safi. Ukivuta, mtu wa pili anasoma SUM(B6:B29). Ona kilichotokea, dirisha zima limeshuka hatua moja. Juu limemtupa mtu wa kwanza na hisa zake 36, na chini limeingiza mstari wa 29, ambao ni ile jumla yenyewe ya 720. Kwa hiyo badala ya kugawa kwa 720 amegawa kwa 684 jumlisha 720, ambayo ni 1,404, na mgao wake umetoka 19,230.77 badala ya 37,500. Hakuna kengele yoyote iliyolia. 19,230 ni namba ya kawaida tu, mtu anaweza kuiamini, anaweza hata kusaini. Wa tatu dirisha limeshuka tena, anagawiwa kwa namba nyingine, na kuendelea hivyo hivyo, kila mtu na kigawanyo chake, na ukiangalia kwa haraka huoni kitu kwa sababu wenye hisa nyingi mara nyingi bado wanaonekana kuwazidi wenye chache.

Nalijua hili kwa sababu limenipata. Kuna kikundi nilikuwa nakisaidia miaka ya nyuma, cha kuzikana na kukopeshana, nikawaandalia shiti usiku nikiwa nimechoka, asubuhi wakaanza kulipana. Kama watu sita hivi walikuwa wameshachukua chao ndo mama mmoja akasema mbona mimi na jirani yangu tuna hisa sawa na mgao haulingani. Nikabisha kwanza, si unajua tena. Kuangalia fomula ya kwake inaanzia B11 na ya jirani yake B14. Ilibidi tuwaite wale sita warudi na hela, na aliyekuwa amepata zaidi ni yule wa kwanza kabisa... hapana, yule wa kwanza ndo pekee alikuwa sahihi, waliobaki wote walikuwa wamepunjwa au kuzidishiwa. Swali la yule mama naliazima mpaka leo: tafuta watu wawili wenye hisa sawa kwenye orodha, mmoja wa juu mmoja wa chini, akiba zao na mgao wao lazima zilingane hadi shilingi. Wasipolingana kuna kitu kimetembea.

Ukipenda kutumia SUM ndani, funga mwanzo na mwisho, SUM($B$5:$B$28). Kwenye laptopu chora masafa yote kwa maus ukiwa unaandika, alafu F4 moja inafunga pande zote. Ila mimi kwa kikoba napendelea jumla ikae kwenye seli yake B29 inayoonekana, kila mwanachama anaiona hiyo 720, anaweza kuipinga mbele ya wote. Jumla iliyojificha ndani ya fomula haipingwi na mtu.

Sasa kipimo cha mwisho, na hapa kuna mtego mdogo ambao unawapata hata wanaojua dola. Chini ya kolamu ya mgao, D29, unataka uone 900,000 ili ujue hela yote imegawika bila kubaki wala kuzidi. Lazima uandike =SUM(D5:D28) kwa mkono. Usiache ile fomula ya mgao ishuke hadi mstari wa 29, na ukitumia njia ya kubonyeza mara mbili kile kijisanduku kidogo cha konani itashuka yenyewe mpaka 29 kama pale pako wazi, kwa sababu inafuata urefu wa kolamu jirani. Ikishuka, D29 itasoma =B29/$B$29*$B$2, yaani 720 gawa kwa 720 mara 900,000, na hiyo itakuonyesha 900,000 siku zote, hata kama mgao wa wanachama wote huko juu ni takataka. Unakuwa na kipimo ambacho kinasema "sawa" kwa lolote. Kwa hiyo vuta hadi 28 usimame, 29 andika SUM.

Kama mgao hautoki namba kamili, mfano hisa zikiwa 713 badala ya 720, utaona senti nyingi, na mtu akizikata senti kichwani wakati wa kulipa jumla itapishana na 900,000 kwa shilingi chache. Hiyo sio dola, usianze kufungua fomula kwa ajili ya shilingi 7. Kubalianeni kwenye kikao mnakata wapi, iandikeni kwenye daftari, baki iende mfuko wa jamii.

Kuna njia mbadala za dola na utasikia watu wakizisifia, kwa hiyo nikupe maoni yangu. Ya kwanza ni kuandika 5000 moja kwa moja ndani ya fomula, =B5*5000. Haihami wala haigandi, kweli, lakini mwakani mkipandisha hisa kuwa 10,000 utabadilisha kwenye mistari mingi na mmoja utausahau, na mtu anayesoma shiti hajui hiyo 5000 imetoka wapi. Siipendi. Ya pili ni kuipa seli jina. Simama B1, nenda kile kisanduku cha kushoto kabisa juu kinachoonyesha "B1", futa, andika BeiYaHisa bila nafasi, bonyeza Enter. Kuanzia hapo unaandika =B5*BeiYaHisa, na jina halitembei ukikopi, halihitaji dola. Hii ni nzuri sana, inasomeka kama sentensi, na kama utakuwa na shiti za miaka mingi ningekusukuma huko. Ubaya wake, atakayekupokea uweka hazina akiona BeiYaHisa anaweza asijue iko wapi, wakati $B$1 inajionyesha. Kwa Jumamosi hii baki na dola, majina utajifunza ukiwa umetulia.

Na usiipe dola kazi isiyo yake. Haifungi seli isibadilishwe, mtu yeyote anaweza kuingia B1 akaandika 6,000 na akiba zote zitabadilika. Pia haizuii Excel kurekebisha anwani pale wewe mwenyewe unapohamisha vitu, ukichomeka mstari mpya juu ya B1 bei itasogea B2 na fomula zote zitajigeuza kuwa $B$2, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, usishtuke ukadhani imehama tena. Kinachotofautisha ni hiki: kukopi kunaheshimu dola, kuhamisha seli kunaifuata seli popote inapokwenda.

Kuna hali ambazo nisingekuambia uendelee peke yako na maelezo ya kusoma. Kama shiti yenyewe imezunguka WhatsApp, katibu ana yake, mwenyekiti ana yake na zote zimeandikwa "mwisho", dola hazitakusaidia kujua ipi ina hisa sahihi, hapo kaeni watatu na daftari la hisa, muhakiki mtu mmoja mmoja kwanza. Kama kuna mikopo ambayo haijarudi na mnataka kuikata kwenye mgao wa mtu, au mwaka jana mligawa kwa shiti ya namna hii na sasa unahisi ilihama, tafuta mhasibu au mwalimu wa vikoba aje akae nanyi mezani aone daftari kwa macho, kwa sababu hapo swali limeshakuwa nani anamdai nani. Na kama ukibonyeza seli ya bei unaona imeunganishwa na jirani zake, au seli zina nywila uliyoachiwa na mtu aliyetoka, mpelekee mtu anayejua akufungulie badala ya kulazimisha.

Ukishavuta zote mbili, chukua watu watatu, wa kwanza, mmoja wa katikati na wa 24, piga hesabu zao kwa kikokotoo cha simu ukiwa na karatasi. Mara nyingi mtu anahakiki wa kwanza peke yake, na wa kwanza umeona, hajawahi kukosea hata ulipokuwa na milioni 27 chini yake. Ikilingana kwa wa 24, chapisha, weka nakala mbili mezani Jumamosi, moja ya majibu na moja ya Show Formulas, mkianza kulipana mwenyekiti awe ameshika hiyo ya pili.